Visoda vya Mwalimu Yusta

Fomu ilikuwa mezani kwa mkuu wa shule, chini ya stepla, na Yusta aliiona kila asubuhi alipoingia kusaini daftari la mahudhurio. Karatasi moja, maandishi mbele na nyuma. Mbele kulikuwa na jina lake, tarehe aliyoripoti kazini na somo analofundisha, Hisabati. Nyuma kulikuwa na kisanduku kimoja kilichobaki wazi, cha mapendekezo ya mkuu wa shule: athibitishwe kazini, aongezewe muda wa majaribio, au ajira isitishwe. Ijumaa fomu ilitakiwa iwe Halmashauri, Kasulu mjini. Leo ilikuwa Jumatatu, na stepla ilikuwa imekaa juu ya kile kisanduku kama kuku anayeatamia.

Mtu asiyejua angesema, karatasi tu hiyo. Lakini Yusta aliingojea ajira miaka mitano. Alimaliza stashahada ya ualimu akiwa na umri wa miaka ishirini na tatu, akarudi kwao Kibondo na cheti kwenye bahasha ya kaki, akakaa. Kila tangazo la ajira lilipotoka, aliomba. Kila majina yalipotoka, alisoma orodha kuanzia A mpaka Z, halafu kuanzia Z mpaka A, asije akawa amejiruka. Mwaka wa pili alifungua kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu, pembeni ya cherehani ya baba yake. Wateja walimwita Mwalimu, kwa dhihaka ya upole, kama mtu anavyomwita mbwa wake Simba. Barua ilipofika hatimaye ya kwenda Makere, baba yake alizima cherehani, akasema, "Sasa usiharibu."

Hayo ndiyo maneno aliyokuja nayo Makere, pamoja na godoro.

Miezi kumi ya kwanza hakuharibu kitu. Alifundisha aljebra, alikula mihogo, alisalimia kila mtu "mwakeye" kwa Kiha, hata wakati yeye ndiye aliyetakiwa kusalimiwa kwanza. Kisha Madam Generosa, mkuu wa shule, akaita kikao cha walimu na kutangaza kwamba Afisa Elimu anataka orodha ya klabu za wanafunzi zinazofanya kazi.

"Tunazo klabu sita," akasema Madam Generosa, akisoma karatasi. "Klabu ya mazingira. Hii inafanya nini?"

"Inafagia," akajibu Brighton, mwalimu wa Jiografia, kijana wa Mbeya anayeongea kama anayelipwa kwa neno.

"Klabu ya afya?"

"Hao wanachota maji ya kufagilia."

Madam hakucheka. Alikuwa mama mnene wa Karagwe ambaye kicheko chake kilihitaji kibali cha maandishi. "Nataka klabu moja ya kweli," akasema. "Bajeti hakuna. Nani anachukua?"

Mtu aliye kwenye majaribio ndiye anayechukua. Hilo halijaandikwa kwenye waraka wowote, na linajulikana.

Yusta alianza na roboti, kwa sababu alikuwa amesoma mahali kwamba roboti ndiyo mambo. Alitoa mota kwenye redio ya kaseti iliyokufa, akakata magurudumu kwenye ndala iliyokatika, akafunga vyote kwenye ubao mwembamba kwa mpira wa baiskeli, akaunganisha betri mbili. Kigari kilitembea hatua tatu mbele ya darasa zima, kikageuka kushoto kikagonga ndoo, kikafa. Wanafunzi walipiga makofi. Siku ya pili walitaka kukiona tena, ila betri zilikuwa zimekwisha, na betri mpya zilitakiwa zitoke kwenye mfuko wa Yusta. Klabu ambayo kila kikao chake kinakula betri mbili ni mume wa pili.

Akajaribu mdahalo. Mdahalo ni bure: upande wa kuunga mkono, upande wa kupinga, mtunza muda mwenye saa, dakika tatu kila msemaji. Lakini utaratibu wa shule ulidai mdahalo uwe kwa Kiingereza, na watoto wa Makere wanaongea Kiha nyumbani, Kiswahili dukani, na Kiingereza wanapoumwa homa kali. Mada ilikuwa kama ng'ombe ana faida kuliko shamba. Msemaji wa kwanza alisimama, akasema "Cow is very very cow," akakaa. Kwa dakika ishirini zilizobaki, mtunza muda alitunza muda. Yusta alijiwekea akiba hilo wazo la mdahalo kwa siku atakayoruhusiwa kuufanya kwa Kiswahili kwanza, halafu mada hiyohiyo wairudie kwa Kiingereza.

Sataranji, ile wanayoiita chesi, aliifikia kwa kuchoka. Kwenye kile kibanda cha Kibondo, mchana wenye wateja wawili, alijifunza kuicheza kwenye simu. Sasa akawaza: ubao unachorwa. Vipande vinatengenezwa. Sheria ziko kichwani, na kichwa hakinunui betri.

Alikata maboksi ya sabuni, akachora kwa rula na mkaa miraba minane kwa minane, akiwafundisha wanafunzi kwamba kona nyeupe inakaa mkono wa kulia wa kila mchezaji. Alitandaza kiroba ukutani, akachora ubao mkubwa juu yake, akabandika vipande vya karatasi kwa miiba ili darasa lote lione. Hakuanza na vipande vyote. Wiki ya kwanza ilikuwa askari peke yao, nane kwa nane: wa kwanza kuvusha askari mmoja upande wa pili ameshinda. Wiki ya pili akaongeza mfalme. Ya tatu, malkia. Farasi, ambaye huruka kama kichaa, aliwekwa mwisho.

Tatizo moja tu lilijitokeza, na lilitokana na drafti. Kila mtoto wa pale amewahi kusimama nyuma ya wanaume wanaocheza drafti kwenye baraza, na kwenye drafti kula ni lazima. Ukiona cha kula usile, mwenzako anakichukua kipande chako na watazamaji wanakuzomea. Kwa hiyo watoto walikula kila kilicholika. Walikula askari aliyelindwa, walikula chambo, walikula huku mfalme wao akichungulia kaburi. Yusta aliandika ukutani kwa herufi kubwa: KULA SI LAZIMA. Ilimchukua wiki mbili kuwaaminisha. Wa kwanza kuelewa alikuwa Asmahani wa kidato cha pili, binti mwembamba aliyekuwa akishika askari wake kwa ncha za vidole viwili kana kwamba wana moto.

Kilichobaki kilikuwa vipande imara, maana vikaratasi vitupu walivyochezea vilipeperuka. Kila ubao ulihitaji visoda, vifuniko vya chupa, kumi na sita vya rangi moja na kumi na sita vya rangi nyingine, ambavyo juu yake wangebandika vikaratasi vya picha kwa gundi ya uji. Mbao zilikuwa sita. "Kila mmoja alete visoda," Yusta aliwaambia Ijumaa. "Vyekundu, na vya rangi ya dhahabu."

Alisema hivyo, akafunga daftari, akaenda zake kupika.

Jumatatu ile, baada ya kusaini mahudhurio, aliambiwa abaki ofisini.

"Kaa," akasema Madam Generosa. Mezani, karibu na ile stepla, kulikuwa na mfuko mdogo wa nailoni. Madam aliumimina. Visoda vya dhahabu vilitawanyika juu ya meza vikilia, kimoja kikabingirika mpaka ukingoni, kikasimama juu ya fomu.

"Soma maandishi yaliyo juu yake."

Yusta hakuhitaji kusoma. Visoda vya dhahabu vilikuwa vya bia. Makere yote, kisoda cha dhahabu hakitoki kwenye kitu kingine.

"Hivi vimetoka kwenye begi la Asmahani. Baba yake, Hashimu wa dukani, ameniletea hapa saa moja asubuhi, kabla sijanywa chai. Ameniuliza shule inamfundisha nini mwanawe. Halafu mwenyekiti wa bodi, mzee Pasikali, amepiga simu. Ijumaa jioni alikuwa anapita njiani akaona wanafunzi saba, na sare zao, wako ndani ya grosari ya Leonidasi wanaokota visoda chini ya meza za walevi. Ni kweli?"

"Sikuwatuma grosari, Mkuu."

"Uliwatuma wapi?"

Yusta alikiokota kile kilichosimama juu ya fomu. Vyekundu vilipatikana dukani kwa Hashimu mwenyewe, kwenye soda za chupa. Vya dhahabu vilikuwa wapi? Hakuwahi kujiuliza. Aliiona rangi, hakuiona chupa.

"Kuna wanaosema unawafundisha kamari," Madam akaendelea. "Wameuona ule ubao. Ni wa drafti, wanasema, na mwalimu wa kike anafundisha watoto drafti kwa visoda vya bia. Alhamisi kuna kikao cha wazazi. Utajieleza huko. Fomu yako nitaijaza baada ya hapo."

"Baada ya hapo," Yusta akarudia.

"Ijumaa inakuja baada ya Alhamisi, Mwalimu. Wewe ndiye wa Hisabati."

Siku tatu zile Yusta hakula chakula cha maana. Alipika ugali akautazama. Alisahihisha madaftari akampa mwanafunzi kumi na moja kati ya kumi. Usiku alihesabu: miaka mitano ya kungoja, miezi kumi na moja ya kazi, siku tatu. Kila alipofumba macho alimwona baba yake amezima cherehani.

Jumanne jioni alikwenda kwa Leonidasi, kwa mlango wa nyuma, kichwa amekifunga kitenge kana kwamba anakwenda kuiba. Leonidasi alikuwa anapanga kreti.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya watoto."

"Marahaba. Radhi ya nini? Wamenifagilia sakafu." Leonidasi alipangusa mikono kwenye shati. "Hawakukaa hata dakika tano. Mzee Pasikali ndiye aliyewavutia ndoo ya visoda kutoka chini ya meza yake, akawaambia jazeni upesi mwondoke."

Yusta akakisogeza kitenge sikioni. "Kutoka chini ya meza yake?"

"Ile ya nyuma, pale penye kalenda. Alikuwepo tangu saa nane." Leonidasi akamtazama, akatambua amesema nini, akainama tena kwenye kreti zake. "Mimi sijasema kitu, Mwalimu."

Brighton alipoambiwa, karibu achome wali wake kwa furaha. Walikuwa wamekaa kwenye kibaraza cha nyumba za walimu.

"Unaye," akasema. "Dada, unaye mkononi. Mwenyekiti wa bodi, mzee wa kanisa, alikuwa 'anapita njiani' akiwa amekaa kwenye kiti. Alhamisi akisimama tu, mmalize."

"Mbele ya mkewe?"

"Mbele ya mkewe, mbele ya katekista, mbele ya mbuzi. Yeye anakumaliza mbele ya nani? Ukimwacha, ni wewe. Ajira miaka mitano, unakuja kufukuzwa kwa sababu ya vifuniko vya chupa?"

Wazo lile Yusta alilala nalo, na halikuwa na mto. Jumatano alilifanyia mazoezi. Alisimama mbele ya kioo kidogo cha kuchania nywele, akasema kwa sauti ya chini, "Naomba mzee Pasikali atuambie alikuwa amekaa meza gani." Lilitoka vizuri mno.

Alhamisi darasa la kidato cha pili lilijaa wazazi. Wanaume walikaa mbele, magoti yakigonga chini ya madawati ya watoto, akina mama wakajipanga nyuma na vichanga vyao. Ukutani kile kiroba kilikuwa bado kimening'inia, na kila aliyeingia alikitazama kwanza, kisha akamtazama Yusta. Mzee Pasikali alikaa meza ya mbele pamoja na Madam Generosa. Alikuwa mzee mrefu mkavu, koti la kijivu limefungwa mpaka kifungo cha juu, kofia ameilaza juu ya goti. Madam alikuwa na faili. Yusta aliijua karatasi iliyokuwa ndani yake hata bila kuiona.

Hashimu alianza, Asmahani amesimama kando yake. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na hakupandisha sauti, jambo lililokuwa baya zaidi. "Mimi ni mtu wa biashara," akasema. "Nimemleta binti yangu shule, sikumleta ajifunze baa. Nimefungua begi nitafute kalamu, nimekuta hivi. Nikamuuliza, mwanangu, hivi vya nini? Ananiambia, ni askari. Baba, hawa ni askari. Sasa mimi nimweleweje?"

Mtu akacheka nyuma, akanyamazishwa.

Mzee Pasikali akasimama. "Mimi nilikuwa napita njiani," akasema, akakohoa. "Ijumaa. Nikaona sare zetu ndani ya grosari. Mwalimu huyu ni mgeni kwenye kazi. Hatujui katoka na mambo gani huko. Leo visoda, kesho kete, keshokutwa watoto wanacheza kwa hela. Bodi haiwezi kufumba macho." Alipokuwa anaongea, alikuwa anaizungusha kofia mikononi, ukingo kwa ukingo, na Yusta, ambaye kwa miaka mitano alitazama mikono ya watu wakihesabu noti zisizotosha, aliiona ile mikono. Mzee huyu hakuwa amelala vizuri tangu Ijumaa. Aliwahi kupiga simu ili asije akasemwa yeye.

"Mwalimu Yusta," akaita Madam Generosa.

Yusta alisimama. Kutoka dirishani aliona uso wa Brighton, amekaza macho, akitikisa kidevu: sasa. Sentensi ya kwenye kioo ilikuwa tayari mdomoni. Akashika ukingo wa dawati.

"Kosa ni langu," akasema. "Niliwaambia watoto walete visoda vya rangi ya dhahabu. Sikufikiri vinatoka wapi. Walikwenda vinakopatikana. Mzee Hashimu, nisamehe. Wazazi wote, nisameheni." Akaliachia dawati. "Nimesikia kuna mtu mzima aliyewasaidia kujaza upesi ili wasikae pale. Jina lake sikuliuliza. Popote alipo, namshukuru, kwa sababu alifanya kazi ambayo mimi nilitakiwa kuifanya."

Kofia ya mzee Pasikali ilisimama katikati ya mzunguko.

Kichanga kililia nyuma, kikapewa titi. Mzee Pasikali alimtazama Yusta muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akakaa. Sauti yake ilipotoka, ilikuwa imepungua nusu. "Hata hivyo," akasema. "Hata hivyo, hiyo ni drafti. Drafti naijua mimi. Nimeicheza kabla wewe hujazaliwa."

"Inafanana, mzee. Mraba ni uleule."

"Basi ni drafti."

"Karibu ujaribu. Mchezo wa wiki ya tatu: askari, mfalme, malkia. Asmahani atakuonyesha."

Alisema hivyo kabla hajafikiri, akajuta hapohapo. Kama binti angeshindwa, wangesema haina faida. Kama angeshinda, amemwaibisha mwenyekiti. Lakini wazazi walikuwa wameshaanza kusogea, na wanaume wa drafti hawawezi kuuona ubao wakabaki wamekaa. Asmahani alimtazama baba yake kwanza. Hashimu hakusema ndiyo, ila pia hakusema hapana. Binti akapanga visoda, kila kimoja na kikaratasi chake cha picha juu, vyekundu vyake, vya dhahabu vya mzee, kwa ncha za vidole, akaeleza kwa sauti ndogo: askari huenda mbele hatua moja, mwanzoni anaweza mbili, hula kwa pembe, malkia huenda popote kwa mstari ulionyooka, hata kwa pembe, mfalme akikosa pa kukimbilia, mchezo umekwisha.

"Kama kingi wa drafti," akasema mzee Pasikali, akionyesha malkia.

"Zaidi ya kingi, babu."

Alicheza upesi, kwa mkono wa mtu wa barazani, akigonga kisoda mezani kila anapohama. Akamtoa malkia mapema, akamtembeza katikati ya ubao kama mwenye shamba. Watu walimzunguka. "Mzee, kula hapo." "Mwache, anajua." "Pasikali, ukilala huyu mtoto anakuvisha gauni."

Asmahani akamsukuma askari mmoja hatua moja mbele, moja kwa moja kwenye mdomo wa malkia wa mzee. Nyuma yake, kwa pembe, kulikuwa na askari mwingine.

"Huyo kajileta," akasema mtu.

"Kajileta," akakubali mzee Pasikali, na mkono wake ukaenda wenyewe, kama ulivyokuwa ukienda miaka hamsini. Akala.

Askari wa nyuma akamla malkia. Asmahani alikiokota kile kisoda cha dhahabu, akakiweka kando bila kukigonga.

Mzee aliutazama ubao kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta ukuta mmoja haupo. "Lakini alikuwa analika," akasema.

"Alikuwa analika, babu," Asmahani akajibu. "Ila huku si lazima. Unaangalia kwanza nyuma yake kuna nani."

Pasikali aliinua macho. Hakumtazama binti, alimtazama mwalimu wake, aliyesimama kando ya ubao amekunja mikono kifuani. Kisha akacheka, kicheko kifupi, kikavu, cha puani. "Mana yanje, Mungu wangu," akasema. "Nimeliwa nikiwa nimeshiba." Akausogeza ubao. "Hii siyo drafti."

Hoja ikabaki kwa Hashimu. Wote waligeuka kumtazama. Alikuwa ameokota visoda viwili vyekundu, amevishika kiganjani, anavipindua.

"Mwalimu," akasema. "Naomba niulize kitu."

"Uliza, mzee."

"Hapo barazani kwangu wanacheza drafti kila siku. Visoda vyote vyekundu, vya soda zangu. Mmoja anavilaza kifudifudi, mwenzake chali. Kisoda kina pande mbili. Sasa hivi vya bia ulivitakia nini?"

Yusta alivitazama vile visoda viwili kwenye kiganja cha Hashimu. Kimoja mgongo juu, chekundu. Kimoja tumbo juu, cheupe. Baba yake, Kibondo, pembeni ya cherehani, alicheza hivyohivyo maisha yake yote, na yeye akiwa kwenye kibanda hatua mbili kutoka hapo. Damu yote ilimpanda usoni.

"Sikufikiri," akasema.

"Stashahada nzima," akasema mama mmoja nyuma, kwa huruma tele, na darasa likaangua kicheko, hata Hashimu, hata Yusta mwenyewe, ingawa chake kilikuwa karibu na kilio. Madam Generosa peke yake hakucheka. Alikuwa anaandika.

Wakakubaliana klabu iendelee, kila Jumatano, madirisha wazi, mzazi yeyote aruhusiwe kuingia, visoda vyekundu tu, vitoke dukani kwa Hashimu, na sare isionekane grosari. Mzee Pasikali ndiye aliyesoma azimio. Aliposoma kipengele cha grosari alikisoma haraka.

Yusta alidhani atapumua. Hakupumua, kwa sababu saa kumi na mbili Madam Generosa alimwita, akampa bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi na kugongwa mhuri kwenye mdomo.

"Kesho hakuna mtu mwingine wa kwenda mjini. Utaipeleka mwenyewe kwa Afisa Utumishi. Isifunguliwe."

"Mkuu, umeandika..."

"Nimeandika."

Asubuhi alipanda bodaboda kwenda Kasulu, bahasha ameibana kifuani ndani ya sweta. Upepo wa milima ulikuwa na baridi ya kukata masikio. Njia nzima aliipima bahasha kwa kidole: nyembamba. Nyembamba ni nzuri au mbaya? Athibitishwe ni neno moja. Isitishwe pia ni neno moja. Kwenye mwanga wa jua aliiinua, akaona kivuli cha mistari, mistari mingi, kisanduku kizima kimejazwa mpaka pembezoni, na moyo ukamwanguka, kwa sababu hakuna mtu anayehitaji maneno mengi kusema jambo jema.

Afisa Utumishi alikuwa mwanamke mwenye miwani ya kusomea na kikombe cha chai kilichopoa. Alichana bahasha bila kumtazama aliyeileta. Alisoma. Akageuza karatasi. Akasoma tena. Yusta alihesabu vigae vya sakafu, vilikuwa vinane upande mmoja, akaacha kuhesabu upande wa pili.

"Wewe ndiye huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Mkuu wako ameandika barua humu ndani." Akasogeza miwani, akasoma kwa sauti kavu, kama anasoma bei: "'Alikosea mbele ya watoto. Alikiri mbele ya wazazi. Aliweza kumwaibisha mtu, akaacha. Hii ya mwisho sikuisikia kikaoni, ila grosari ya Leonidasi iko karibu na kwangu. Naomba athibitishwe.'" Akaweka karatasi chini. "Hii ya mwisho maana yake nini?"

"Sijui, mama," akasema Yusta. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kama mtumishi aliyekaribia kuthibitishwa.

Afisa alitafuta mhuri kwenye droo, hakuupata, akatafuta kwenye droo ya pili. Yusta alisimama ameshika ukingo wa meza. Mhuri ulipatikana chini ya gazeti. Wino ulikuwa umekauka. Afisa akauhemea, mara mbili, kama anapuliza uji wa mtoto, akaugandamiza.

Ulitoka nusu. Akagonga tena.

Nje Yusta alikaa kwenye ngazi za Halmashauri. Alitoa simu ampigie baba yake. Mkono ulipoingia mfukoni ulikuta kitu kigumu chenye meno: kisoda cha dhahabu, malkia wa mzee Pasikali, ambaye hakukumbuka kumchukua. Akamshika kiganjani mpaka simu ikapokelewa na sauti ya cherehani ikasikika upande wa pili, halafu ikazimwa.

"Ehe," akasema baba yake. "Umeharibu?"

"Kidogo, baba," akasema Yusta. "Lakini wameniacha kazini."